Usimwombe mteja akufutie oda: kosa ni lako, pesa irudi kwanza

Kuna meseji moja ambayo kila mtu anayenunua vitu mtandaoni hapa Nakuru ameipata angalau mara moja. Umeshalipa kwa simu, umeona ile "Confirmed" imeingia, umeanza kungoja mzigo. Halafu muuzaji anakuandikia: "Samahani dear, hiyo imeisha. Tafadhali ingia kwa apu ufute oda, uweke sababu kwamba umebadilisha mawazo."

Ebu soma tena hiyo meseji polepole. Bidhaa imeisha kwake, lakini wewe ndiye unaombwa useme umebadilisha mawazo. Pesa bado iko kwake. Na hajasema itarudi lini.

Maoni yangu ni haya, na najua wauzaji wengine hatutakubaliana: oda ikifutwa kwa sababu stoki ilikuwa na makosa au bei iliandikwa vibaya, muuzaji aifute mwenyewe, kwa sababu ya kweli, na pesa irudi kabla ya maelezo marefu. Nyota utakazopoteza kwa kufuta kwa ukweli ni chache kuliko utakazopoteza kwa kumtumia mteja kuficha kosa.

Jumamosi moja Section 58

Jirani yangu hapa Section 58 anauza duveti kutoka nyumbani. Mwezi wa saba Nakuru ni baridi kweli, kwa hivyo hiyo ndiyo miezi yake. Duveti moja ya sita kwa sita anainunua Nairobi kwa 2,100, usafiri unamgharimu kama 100, na anaiuza 2,850. Faida ni 650. Duveti zilezile ziko kwenye katalogi yake ya WhatsApp, ziko kwenye soko la mtandaoni, na ziko sebuleni kwake kwa yeyote anayepiga hodi.

Ijumaa jioni alikuwa amebaki na tatu za rangi ya kijivu. Majirani wawili wakapita langoni, kila mmoja akachukua yake kwa kesh. Ikabaki moja. Lakini kwenye simu, katalogi na soko vyote bado vilisema tatu.

Jumamosi asubuhi pesa zikaanza kuingia kwa Till. Saa moja na dakika arobaini, 2,850 kutoka kwa mteja wa Free Area. Saa mbili na robo, mama mmoja wa Njoro. Saa tatu na dakika tano, mteja wa Naivasha aliyeagiza kupitia lile soko. Oda tatu zilizolipwa, duveti moja.

Alichofanya jirani yangu ndicho wengi wetu tungefanya. Wa Free Area alipelekewa. Wa Njoro aliambiwa "mzigo uko njiani", kwa matumaini kwamba Jumatatu mtu atampandishia nyingine kutoka Nairobi. Wa Naivasha akaandikiwa ile meseji ya kufuta oda mwenyewe.

Jumatatu mzigo wa Nairobi haukupanda. Jumanne mama wa Njoro alikuwa amechoka kupiga simu. Kumbe alikuwa amelipa kwa Fuliza, na siku zote hizo alikuwa akidaiwa kwa duveti ambayo haijawahi kuwepo. Naye wa Naivasha hakufuta kitu. Alichukua skrinshoti ya meseji, akaibandika kwenye ukurasa wa muuzaji pamoja na nyota moja. Hakulalamika kuhusu duveti. Aliandika tu kwamba aliambiwa adanganye.

Kukosa stoki kungesamehewa. Hiyo skrinshoti ndiyo bado wanunuzi wapya wanaisoma.

Kwa nini wauzaji wanaomba hivyo

Tuwe wa haki. Kishawishi hiki kina chanzo. Masoko makubwa ya mtandaoni huhesabu ni oda ngapi muuzaji mwenyewe amezifuta. Amazon, kwa mfano, humtaka muuzaji abaki chini ya asilimia 2.5, na oda ambayo mnunuzi ameomba ifutwe haihesabiwi dhidi ya muuzaji. Kwa hivyo muuzaji mwenye oda 40 kwa mwezi akifuta moja tu, tayari yuko kwenye 2.5. Akifuta mbili, yuko kwenye 5.

Kwa biashara ndogo hiyo hesabu ni kali, sikatai. Lakini angalia vizuri inapima nini. Asilimia ya oda zilizofutwa hushuka unapoendelea kuuza vizuri, kwa sababu oda mpya zinaongezeka na zile za zamani zinatoka kwenye hesabu. Maneno ya mteja aliyeambiwa adanganye hayashuki. Yanabaki pale juu, na kila mnunuzi mpya anayasoma kabla hajabonyeza.

Kuna upande wa sheria pia. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu kuwa maelezo ya uongo mtu akisema bidhaa ipo, au itafika wakati fulani, huku akijua au akipaswa kujua kwamba si hivyo. "Mzigo uko njiani" wakati mzigo haujanunuliwa Nairobi unaingia hapo moja kwa moja.

Ingefanywaje

Turudi Jumamosi ileile, saa tatu na dakika kumi. Jirani yangu amegundua ana duveti moja na oda tatu.

Jambo la kwanza ni kuzima bomba. Kabla ya kumjibu yeyote, anaweka duveti hiyo "imeisha" sokoni, anaificha kwenye katalogi, na kama iko kwenye Status anaifuta. Hii inachukua dakika tano. Akianza na kuomba msamaha huku tangazo bado liko hewani, oda ya nne itaingia akiandika meseji ya tatu.

Jambo la pili ni kuamua nani anapata ile moja. Apewe aliyelipa kwanza, na saa iko kwenye meseji ya malipo, haina ubishi. Usimpe aliye karibu kwa sababu boda ni rahisi, wala unayemjua. Wateja huongea, hasa kwenye mitaa yetu hii ambapo kila mtu yuko kwenye vikundi vilevile.

Jambo la tatu ni pesa ya wale wawili kurudi, yote, siku hiyohiyo, bila kungoja waombe. Na yote ni yote. Kama mteja alikuwa amelipia usafiri, unarudi pia. Kama hakulipa kwa Till bali alikutumia kwa namba yako ya kawaida, alikatwa ada ya kutuma, na hiyo ada ni haki uiongeze. Si kosa lake kwamba hukuhesabu duveti.

Hapa wauzaji wengi hukwama kwa sababu pesa haipo tena. Ilitoka kwa Till asubuhi, ikalipia stoki nyingine au karo. Mazoea yanayosaidia ni haya: pesa ya oda ambayo haijamfikia mteja usiiguse. Iache kwa Till mpaka mteja aseme amepokea. Ikiwa huna pesa ya kurudisha, basi hauna njia ya kufuta oda vizuri, hata uandike meseji nzuri namna gani.

Jambo la nne ndilo meseji. Iwe fupi, iseme kosa ni la nani, pesa iko wapi, na ndipo itoe chaguo. Kwa mama wa Njoro ingeweza kuwa hivi:

"Habari ya asubuhi mama. Duveti ya kijivu uliyolipia saa mbili na robo imeisha. Jana jioni niliuza mbili nyumbani na sikubadilisha kwa katalogi, kosa ni langu. Nimekurudishia 2,850 sasa hivi kwa namba uliyolipia. Tafadhali angalia kama imeingia. Za kijivu nategemea kupata Alhamisi. Ukitaka nikujulishe zikifika niambie, na usipotaka pia ni sawa."

Angalia mpangilio. Pesa imesharudi kabla ya kutajwa kwa Alhamisi. Ukimwambia mteja "unaweza kungoja Alhamisi au nikurudishie" huku pesa bado umeishika, hilo si chaguo, hata kama maneno ni ya upole. Na usimpe rangi nyingine bila kumuuliza. Kuna wauzaji hutuma ya maroon wakitumaini itapita. Mteja akiikataa, umeshalipa boda mara mbili na bado unadaiwa pesa.

Jambo la tano ni kufuta oda ya Naivasha pale sokoni mwenyewe, na kuchagua sababu ya kweli, yaani bidhaa imeisha. Kama mteja alilipia ndani ya apu ya soko, usimrudishie pembeni kwa simu, kwa sababu soko lenyewe litamrudishia ukifuta, na utakuwa umelipa mara mbili. Rudisha kwa njia ileile pesa iliyoingilia.

Pesa ikirudi, irudi kwa aliyelipa

Hapa nataka twende polepole, kwa sababu kurudisha pesa ni mahali walaghai wanapenda sana.

Kabla ya kurudisha chochote, hakikisha pesa iliingia kweli. Usitazame meseji aliyokutumia mteja, maana meseji ya kughushi inaandikwa kwa dakika moja. Tazama taarifa ya Till yako. Kila malipo ya M-PESA yana kodi yake ya herufi na tarakimu kumi mwanzoni mwa meseji. Kodi ya mteja ilingane na iliyo kwako, kiasi kilingane, saa ilingane.

Kisha rudisha kwa namba iliyolipa. Mtu akisema "nirudishie kwa hii namba ingine, simu yangu imezima", subiri simu yake iwake. Mchezo unajulikana: mtu mmoja analipa, mwingine anadai marejesho, halafu aliyelipa kweli anakuja kutaka pesa yake, na wewe huna la kumwambia.

Usimwambie mteja atume ile meseji kwa 456 ili pesa igeuzwe. Njia hiyo iliwekwa kwa mtu aliyekosea namba, na hapa hakuna aliyekosea namba. Zaidi ya hapo, kama yeye ameomba pesa igeuzwe na wewe umemtumia, unaweza kutoka mara mbili kwa oda moja. Muulize kwanza kama ameshaomba. Kama ameomba, mkubaliane njia moja tu.

Sasa lile suala la Fuliza. Mteja aliyelipa kwa Fuliza ukimrudishia, pesa ikiingia tu inalipa deni lake kwanza. Anaweza kuangalia salio lake akaona sifuri, akakuandikia kwa hasira, "Hujanirudishia kitu." Usibishane. Mwombe aangalie meseji za M-PESA zilizoingia dakika hiyohiyo. Ataona ya kwako, na kufuatia hapo ya Fuliza ikisema imechukua. Na sasa unaelewa kwa nini kurudisha leo na kurudisha Jumanne si kitu kimoja. Fuliza hutoza kwa siku. Ukichelewa siku tatu na mteja akaja na hesabu ya makato, mimi nasema lipa. Ni shilingi chache, na ni zako kweli.

Bei ikiandikwa vibaya

Stoki ikiisha, hakuna ubishi mwingi, kwa kuwa huwezi kumpa mtu duveti ambayo haipo. Bei ni ngumu zaidi, kwa sababu bidhaa unayo, ila hutaki kuitoa kwa bei uliyoandika.

Mimi natenganisha makosa mawili. La kwanza ni lile ambalo mtu yeyote angeliona. Ulitaka kuandika 2,850 ukasahau sifuri, ikatoka 285. Hakuna duveti mpya ya sita kwa sita ya 285, na mnunuzi anajua. Singapore kuliwahi kuwa na kesi maarufu ya aina hii. Januari 2003, duka la mtandaoni la Digilandmall liliweka printa ya HP ya dola 3,854 za huko kwa dola 66. Marafiki sita wakaagiza printa 1,606. Duka likakataa, wakaenda mahakamani, na wakashindwa, kwa sababu mahakama iliona walijua wazi kwamba ile bei ni kosa.

Kosa kama hilo lifute, kwa wote, kwa maneno yaleyale. Usimfutie mmoja na kumpa mwingine kwa sababu alipiga kelele.

Kosa la pili ni lile lisiloonekana. Ulitaka 2,850, ukaandika 2,350. Mnunuzi atajuaje? Pengine ni ofa ya mwisho wa mwezi. Hapa nasema walio­lipa tayari wape kwa bei hiyo, badilisha tangazo papo hapo, na ujifunze. Piga hesabu ya jirani yangu: duveti inamgharimu 2,200 mpaka ifike Section 58. Kwa 2,350 bado anabaki na 150. Watu watatu wakiwa wameshalipa, amekosa faida ya 1,500, lakini hajaingia hasara. Akiwafutia, amepata watu watatu wa kuambia Nakuru nzima kwamba huyo huweka bei ya chini halafu akibadilisha ukishalipa.

Ikiwa bei uliyoandika iko chini ya ulichonunulia, na walioagiza ni wengi kuliko unavyoweza kubeba, basi futa, lakini sema namba wazi: "Niliandika 1,850 badala ya 2,850. Mimi mwenyewe nainunua zaidi ya hiyo." Kuna watakaonuna, ila kwa namba hizo wataelewa. Kisichofaa ni kumwambia mteja "imeisha" kwa sababu ya bei. Kesho ataiona kwenye Status yako kwa 2,850, na hapo umekwisha.

Till haina macho

Kuna jambo linalofanya haya yote kuwa magumu kwetu kuliko kwa duka la Kenyatta Avenue. Dukani, mteja akichukua kitu chenye bei mbaya, unamwona kaunta na kumwambia kabla hajatoa pesa. Till haina macho. Inapokea pesa ukiwa umelala, kwa kitu ambacho hakipo, kwa bei yoyote uliyoandika.

Kibaya zaidi ni lile jibu la kujituma lenyewe: "Asante, oda yako imekubaliwa." Mwanzoni mwa 2002 Kodak kule Uingereza iliandika kamera ya pauni 329 kwa pauni 100, na mfumo wake ukawatumia wanunuzi barua pepe za kuthibitisha oda. Kodak ilikataa kwanza, lakini baadaye ikakubali kuwauzia kwa pauni 100. Zile barua za kuthibitisha ndizo zilizowabana.

Kwa hivyo badilisha jibu lako la kujituma leo. Liseme: "Oda yako nimeiona. Nahakikisha ipo, nitakujibu ndani ya saa moja. Tafadhali usilipe kabla sijathibitisha." Jirani yangu sasa anafanya hivyo. Na ameandika kikaratasi ndani ya mlango wa kabati la duveti: ikitoka moja hapa, simu kwanza, kesh baadaye. Jirani akija langoni na pesa mkononi, anangoja dakika moja hiyo namba ipunguzwe.

Anasema tangu hapo amefuta oda moja tu, ya mtu wa Gilgil aliyelipa bila kungoja jibu. Akamrudishia pesa ndani ya dakika ishirini, akamweleza. Mtu wa Gilgil alimpa nyota nne. Ile moja aliyokosa, aliandika, ni kwa sababu bado alikuwa anasikia baridi.